Jabali Saluni, Kirumba: ususi wa rasta, dawa, kucha na bibi harusi, Mwanza

Maelezo mafupi

Saluni ya kike Kirumba, Mwanza, nyuma ya Soko la Kirumba. Tunasuka rasta, twende kilioni na yeboyebo, tunaweka dawa na kuretachi, stimingi, kushonea wivingi, kucha za jeli, kutinda nyusi, hina na kupamba bibi harusi. Wasusi sita, viti vinne vya draya, jenereta umeme ukikatika. Jumatatu hadi Jumamosi saa 2:00 asubuhi hadi saa 2:00 usiku. Jumapili kuanzia saa 7:00 mchana. Malipo ni taslimu au Lipa Namba. Rasta na bibi harusi ni kwa miadi, huduma nyingine njoo tu.

Kusuka rasta Mwanza

Bei ya ususi peke yake, bila nywele: rasta kubwa 20,000, za kati 30,000, ndogo 45,000. Zisizo na fundo huongezeka 10,000, kwa sababu msusi anaongeza nywele kidogo kidogo kuanzia chini ya shina na muda unakuwa mrefu. Rasta za kati zinazofika kiunoni hutumia pakiti 5 hadi 6; kichwa chenye nywele nyingi weka 7. Ukinunua mwenyewe sokoni, chukua zote siku moja na hakikisha namba ya rangi ni ileile kwenye kila pakiti. Namba 1 na 1B zikichanganyika utaona tofauti ukitoka juani, siyo ndani ya saluni.

Wasusi wawili kwenye kichwa kimoja hutumia muda huu: kubwa saa 2 hadi 3, za kati saa 4, ndogo saa 6 au zaidi. Kwa mteja wa Ukerewe anayerudi na meli siku hiyohiyo, rasta ndogo hazitawahi. Chagua za kati uanze saa 2:00 asubuhi, au lala mjini.

Njoo na nywele zilizooshwa, zimekauka kabisa na zimechanwa. Ukihitaji kuoshwa na kublo hapa ni 7,000. Nywele zenye unyevu hazisukwi: zikifungiwa ndani hutoa harufu baada ya wiki. Kama rasta za bandia huwa zinakuwasha, tuambie siku ya miadi tuziloweke kwenye maji yenye siki, tuzisuuze na kuzikausha kabla ya kuanza.

Hatuvuti nywele za pembeni. Rasta zikibana hadi huwezi kukunja uso, au vipele vikatokea kwenye mstari wa paji, hiyo siyo dalili kwamba zitadumu. Ni nywele zinang'olewa kwenye shina. Rudi siku inayofuata tufumue za mbele bila malipo. Rasta hukaa wiki 6, zisizidi 8. Kufumua ni 10,000.

Misuko mingine

Twende kilioni bila rasta 8,000, na rasta 15,000. Yeboyebo 12,000. Mabutu na njia za watoto wa shule 5,000, pakiti hazihitajiki. Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa watoto wanajaa kuanzia asubuhi, kwa hiyo walete Alhamisi au Ijumaa. Nywele za uzi 10,000. Zinafaa kwa anayetaka kurefusha nywele zake bila moto wa pasi. Kushonea wivingi 20,000 pamoja na kusuka njia za chini. Kuretachi dredi 25,000 kwa kichwa cha kawaida.

Dawa, retachi na stimingi Kirumba

Dawa kichwa kizima 20,000, retachi 15,000, bei zote zikiwa na dawa yetu, kuosha na kuseti kwa rola. Ukija na dawa yako bei inapungua 5,000, lakini mkebe ufunguliwe hapa.

Siku tatu kabla ya dawa usioshe wala usikune kichwa. Ngozi iliyochubuka huungua hata kwa dawa nyepesi. Umefumua rasta jana? Subiri wiki mbili. Retachi hufanywa kila baada ya wiki 8 hadi 12, na dawa hupakwa kwenye nywele mpya tu. Ikipita juu ya nywele zilizokwisha lainika, ndipo zinapokatika katikati, na mteja analaumu shampuu. Dawa haizidi muda ulioandikwa kwenye mkebe, na ukihisi inachoma sema hapohapo tuioshe. Nywele zilizopakwa rangi nyumbani wiki hii hatuzitii dawa, hata ukisisitiza.

Stimingi 10,000, dakika 20 hadi 30.

Kucha na miguu

Kucha za jeli 15,000 mikononi, miguuni 12,000. Kubandika na jeli 25,000. Pedikyua pamoja na kusugua visigino 15,000. Kutoa jeli ya zamani 5,000: tunapiga tupa juu, tunafunga pamba yenye asetoni dakika 10 hadi 15, kisha inasukumwa taratibu. Usiing'oe kwa meno wala kijiti, inaondoka na tabaka la juu la ukucha wako. Kama ukucha wa bandia umeinuka pembeni, usigundishwe juu kwa gundi. Maji yakikaa chini yake ukucha huota rangi ya kijani. Kila mteja huwekewa tupa yake, na vifaa vya chuma huoshwa kwa sabuni kisha huloweshwa kwenye dawa ya kuua vijidudu.

Kutinda nyusi ni 3,000, kwa wembe mpya au uzi.

Bibi harusi, sendofu na kicheni pati

Kifurushi cha bibi harusi 200,000: jaribio la meikapu na mtindo wa nywele wiki mbili kabla, kupamba siku yenyewe, kuvalisha shela. Wasimamizi 30,000 kila mmoja. Ndani ya Nyamagana na Ilemela tunakuja nyumbani au hotelini bila nauli ya ziada. Kisesa, Magu, Misungwi na Sengerema nauli ni ya mteja. Weka nusu ya malipo kushika tarehe. Miezi ya Juni na Desemba, omba mapema mno, miezi miwili si mingi.

Hina ya kawaida mikono na miguu 30,000. Piko nyeusi iliyochanganywa na rangi ya nywele hatuiweki. Inaweza kutoa malengelenge na kuacha kovu lenye umbo la ua lilelile ulilochorwa.

Maeneo na namna ya kufika

Wateja wetu wengi hutoka Kirumba, Kitangiri, Nyamanoro, Pasiansi, Bwiru, Isamilo na Mwanza mjini. Ukitoka mjini panda daladala la Barabara ya Makongoro linaloelekea Uwanja wa Ndege, shuka Kirumba sokoni, ulizia mtaa wa maduka ya vitambaa. Mlango wa bluu, ghorofa ya chini. Wa Nyegezi, Mkuyuni na Butimba, na wa Igoma, Buzuruga na Nyakato, kama gari lenu halifiki Kirumba, badilisheni mjini. Bodaboda wanapafahamu ukitaja "saluni ya nyuma ya soko".

Siku ya mechi Uwanja wa CCM Kirumba, njoo kabla ya saa 6:00 mchana. Baada ya hapo barabara inafungana, na gari halina pa kuegesha hadi watu watawanyike.

Kwa miadi, bonyeza kitufe cha simu kwenye ukurasa huu au tuma picha ya mtindo pamoja na picha ya nywele zako zilivyo sasa. Ukichelewa dakika 30 bila taarifa, kiti kinapewa anayesubiri.