Taarifa ya Mwisho ya Msimamizi kuhusu Mafunzo kwa Vitendo ya Rehema, Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Singida, 8 Septemba 2025

Kwa: Mratibu wa Mafunzo kwa Vitendo, Idara ya Uhandisi wa Umeme

Ndugu Mratibu,

Rehema, ambaye jina lake kamili na namba yake ya usajili vipo kwenye fomu ya alama niliyoambatanisha, amekuwa nasi kwa wiki 8, kuanzia tarehe 14 Julai hadi 5 Septemba 2025, katika karakana ya umeme ya kiwanda chetu cha kukamua mafuta ya alizeti. Nimempa alama 74 kati ya 100. Fomu yenu ina nafasi ya mistari mitatu tu ya maoni, na mistari hiyo haitoshi kumtendea haki, kwa hiyo naandika barua hii.

Nianze na kosa lake kubwa. Tarehe 29 Julai asubuhi nilimkuta amefungua kiboksi cha nyaya cha mota ya konveya, bisibisi mkononi. Swichi ilikuwa imezimwa, lakini hakuweka kufuli wala lebo, na hakupima kwanza kuhakikisha kwamba nyaya hazina umeme. Zamu zilikuwa zinapokezana na mwendeshaji aliyeingia hakujua kwamba kuna mtu kwenye mota. Angeweza kuwasha wakati wowote. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo utaratibu huo Rehema alifundishwa siku ya kwanza na akasaini, kwa hiyo sina namna ya kumtetea. Ndiyo maana kwenye usalama amepata 13 kati ya 20.

Nawaomba msome alama hiyo pamoja na jambo la tarehe 12 Agosti. Siku hiyo mkuu wa zamu alimwamuru aondoe kufuli ili mashine iwashwe, wakati fundi mwenzake bado alikuwa ndani ya gadi anafunga mkanda. Rehema alikataa, akasimama na ufunguo mfukoni hadi fundi alipotoka. Uzalishaji ulichelewa dakika 20. Mkuu wa zamu aliniletea maoni kwamba mwanafunzi huyu ni "mbishi, hajitumi, hafai kazi ya zamu", akitaka niyaingize kwenye fomu. Nilisoma kitabu cha zamu na kuongea na fundi aliyekuwa ndani ya gadi. Rehema alikuwa sahihi kabisa. Maneno hayo sikuyaandika kwenye fomu, na yakiwafikia kwa njia nyingine, mjue yalitokana na nini.

Uelewa wake wa umeme ndio uliotushangaza. Mota ya ekspela namba 2, ya kilowati 15, ilikuwa imeungua mara mbili tangu Februari, na kila mara tuliwalaumu waliosuka koili. Rehema alipopewa kazi ndogo ya kusafisha paneli, alichora mchoro wa stata ya sta-delta kwa kufuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Kisha akaja kuniuliza: kwa nini ovalodi imewekwa kwenye ampia 28.5, sawa na kibao cha mota, wakati imefungwa ndani ya mzunguko wa delta? Sikumjibu, nilimwambia akapime. Alirudi na klampu mita na namba mbili kwenye kipande cha boksi: waya wa njia kuu ampia 27, waya unaopita kwenye ovalodi ampia 15.6. Hapo ovalodi ilipaswa kuwa 28.5 × 0.58, yaani karibu 16.5. Mota ingeweza kuzidiwa mzigo kwa muda mrefu na ovalodi isikate. Iliyokuwepo ilianzia ampia 23, haikushuka hadi hapo, ikabidi tununue nyingine.

Siwezi kusema kwa hakika kwamba hiyo ndiyo iliyounguza mota mara zote mbili. Ninachokijua ni kwamba tarehe 2 Septemba ekspela hiyo ilikabwa na mashudu, ovalodi mpya ikakata, tukazibua, na mota ikaendelea na kazi. Mimi nimepita mbele ya paneli ile kwa miaka na sikuliona hilo. Uelewa: 22 kati ya 25.

Mikono yake bado. Alisuka mota ya pampu ya kilowati 2.2 chini ya fundi wetu mkongwe. Kwenye koili moja alipotelewa na hesabu ya mizunguko kwa sababu aliitwa katikati na hakuandika alipofika. Kwenye mega, mota ilisoma vizuri, lakini ilipowashwa bila mzigo, fezi mbili zilivuta ampia 2.4 na 2.5, ya tatu 3.1. Alikubali bila visingizio na kuirudia kwa siku mbili. Ya pili imekaa vizuri na pampu inafanya kazi hadi leo. Kubana vichwa vya nyaya nako bado anahitaji mazoezi. Nilivuta vitano kwa mkono, viwili vikachomoka. Nimempa 16 kati ya 25. Sehemu ya upungufu huo ni yetu: wiki mbili za kwanza alihesabishwa vipuri stoo, na fundi mmoja alikuwa akimpa kazi ya kushika tochi huku akiwapa spana wavulana waliokuja kwa mafunzo kama yeye. Nilichelewa kugundua. Nilipomhamishia kwa fundi mwingine wiki ya 3, kasi yake ilibadilika.

Mahudhurio hayana shida: siku 2 tu hakuwepo, akiwa na cheti cha zahanati. Nimempa 14 kati ya 15.

Logbuku ndiyo iliyoniudhi. Wiki ya 3 na ya 4 zimeandikwa kwa mkao mmoja, na tarehe 8 Agosti ameandika kwamba alibadilisha beringi ya feni. Siku hiyo ilikuwa Nane Nane na kiwanda kilifungwa. Nilipomwonyesha alinyamaza kidogo, kisha akasema beringi aliibadilisha tarehe 7 na siku alizijaza kwa kukisia. Kitabu cha stoo kinathibitisha beringi ilitoka tarehe 7, kwa hiyo kazi aliifanya kweli. Lakini mhandisi anayekisia tarehe kwenye kumbukumbu za matengenezo huweza kumpotosha mwenzake. Amepata 9 kati ya 15. Nami nilipaswa kusaini kila Ijumaa; hadi wiki ya 4 nilikuwa nimesaini mara moja tu. Kuanzia wiki ya 5, baada ya mhadhiri wenu kuja kumkagua, kurasa zote zimesainiwa kwa wakati na michoro yake ni safi.

Naomba idara isimhesabie kosa la tarehe 29 Julai mara ya pili katika kikao cha nidhamu, kwani tayari limekatwa kwenye alama na mwenendo wake baada ya hapo umeonekana. Mwakani, akihitaji tena nafasi ya mafunzo, sisi tutampokea, na safari hii ataanzia karakana, siyo stoo.

Taarifa hii nimemsomea yote Ijumaa kabla hajaondoka. Alipinga jambo moja: alama ya kazi ya mikono, akisema vichwa vile viwili vilibanwa kwa koleo kwa sababu kibanio chetu kilikuwa kimeharibika. Nimekikagua leo asubuhi. Taya moja imelika kweli. Nimeongeza alama 2 hapo, kwa hiyo kazi ya mikono isomeke 18 na jumla 76 badala ya 74. Fomu nimeirekebisha na kusaini pembeni ya masahihisho.

Wenu katika kazi,

Mhandisi wa Matengenezo ya Umeme
Msimamizi wa mafunzo kiwandani