Zoezi la Uwezekano: Sarafu, Dadu na Mchoro wa Mti

Maswali ni manne. Funika majibu, chora mti wako mwenyewe, kisha linganisha. Sarafu na dadu zote hapa hazipendelei upande wowote.

Swali la 1. Unarusha sarafu ya shilingi 200. Ikitoka kichwa cha Karume (K), umeshinda na mchezo umekwisha. Ikitoka simba (S), unarusha mara ya pili, na hiyo ndiyo ya mwisho. Tafuta uwezekano wa kushinda.

Jibu.

```
mwanzo ─┬─ K 1/2
        └─ S 1/2 ─┬─ K 1/2
                  └─ S 1/2
```

Mti una ncha tatu: K, SK na SS. Mbili zinashinda, kwa hiyo wengi huandika 2/3. Si aibu ya mwanafunzi peke yake: mwaka 1754 d'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, aliandika hivyohivyo kuhusu sarafu inayorushwa mara mbili. Alihesabu ncha bila kuzipima. Ncha ya K imefikiwa kwa tawi moja, kwa hiyo ina 1/2. Ncha ya SK imepita matawi mawili, nayo ina 1/2 × 1/2 = 1/4. SS vilevile ni 1/4.

Kushinda ni K au SK. Njia hizi haziwezi kutokea pamoja, basi tunajumlisha: 1/2 + 1/4 = 3/4.

Kila mara jumlisha ncha zote kabla ya kuendelea: 1/2 + 1/4 + 1/4 = 1. Jumla isipokuwa 1, kuna tawi ulilolisahau au ulilolipa namba isiyo yake.

Swali la 2. Dadu inarushwa mara tatu. Tafuta uwezekano wa kupata (a) sita mara moja tu, (b) sita angalau mara moja.

Jibu. Usichore matawi sita kila hatua. Yanatosha mawili: “sita” yenye 1/6 na “si sita” yenye 5/6.

(a) Sita inaweza kutoka mrusho wa kwanza, wa pili au wa tatu. Kila njia ni 1/6 × 5/6 × 5/6 = 25/216, mpangilio tu ndio unaobadilika. Njia ni tatu: 3 × 25/216 = 75/216 = 25/72. Anayeandika 25/216 ameshika njia moja na kuziacha nyingine mbili.

(b) Hapa njia zinazofaa ni saba, isiyofaa ni moja tu: kukosa sita mara zote tatu. Hiyo ni 125/216, hivyo jibu ni 1 − 125/216 = 91/216. Kosa ninaloliona sana ni 1/6 + 1/6 + 1/6 = 1/2. Kwa hesabu hiyo, ukirusha mara saba ungepata 7/6, na uwezekano hauvuki 1. Hizo 1/6 haziruhusiwi kujumlishwa kwa sababu sita inaweza kutoka mrusho wa kwanza na wa pili pia, matukio yanaingiliana.

Swali la 3. Unarusha sarafu. Ikitoka K, unarusha dadu moja. Ikitoka S, unarusha dadu mbili na kujumlisha. (a) Tafuta uwezekano wa kupata 6. (b) Umeambiwa kwamba imepatikana 6. Kuna uwezekano gani kwamba sarafu ilitoa K?

Jibu. Upande wa K: 1/2 × 1/6 = 1/12. Upande wa S, jumla ya 6 inapatikana kwa 1+5, 2+4, 3+3, 4+2 na 5+1. Mbili kwa nne na nne kwa mbili ni matokeo mawili, kwa kuwa dadu ni mbili tofauti. Tatu kwa tatu ni moja. Hivyo 5/36, na njia nzima ni 1/2 × 5/36 = 5/72.

(a) 6/72 + 5/72 = 11/72.

(b) Sasa dunia yetu imebaki na njia mbili tu, ya 6/72 na ya 5/72. Ya K inachukua 6 kati ya 11: 6/11. Ndiyo sababu nasisitiza kuacha asili moja, 72, badala ya kurahisisha mapema.

Swali la 4. Lipi lina uwezekano mkubwa zaidi: kupata sita angalau moja katika mirusho 4 ya dadu moja, au kupata sita mbili kwa pamoja angalau mara moja katika mirusho 24 ya dadu mbili? Swali hili la wacheza kamari wa Ufaransa linahusishwa na Chevalier de Méré, wa zama za barua za Pascal na Fermat za mwaka 1654.

Jibu. Mti wa hatua 24, hata wenye matawi mawili tu kila hatua, una ncha 16,777,216. Fuata ile moja ya kukosa kila mara.

La kwanza: 1 − (5/6)⁴ = 671/1296, takriban 0.518.
La pili: 1 − (35/36)²⁴, takriban 0.491.

La kwanza ndilo kubwa.