Waraka wa Ndani: Nyaraka Zilizosomwa na Mfumo Zinazopaswa Kupitiwa Kabla ya Kufunga Vitabu vya Mwezi

KWA: Wahasibu wa wadai, wadaiwa, benki na mishahara
NAKALA: Mtunza stoo, Mkaguzi wa ndani
KUTOKA: Meneja wa Fedha
TAREHE: 24 Februari 2025
YAH: MAPITIO YA NYARAKA KABLA YA KUFUNGA MWEZI

Kuanzia ufungaji wa Februari, leja yoyote haitafungwa mpaka nyaraka zilizotajwa hapa chini ziwe zimepitiwa na mtu, zikalinganishwa na picha ya karatasi yenyewe, na jina la aliyepitia likaonekana kwenye orodha ya mapitio.

Mpaka sasa tumekuwa tukifuata alama ya uhakika. Ikiwa chini ya asilimia 90 mfumo unatuita, ikiwa juu ya hapo waraka unapita. Kwa kazi ya kila siku utaratibu huo unatosha na utaendelea. Kwa kufunga mwezi hautoshi. Alama ile inaonyesha jinsi tarakimu zilivyosomeka, haisemi kama tarakimu hizo ndizo tulizozitaka. Chukueni ankara ya usafirishaji iliyoingia Januari. Chini ya ukurasa wa kwanza imeandikwa "Jumla ya kupeleka mbele 64,200.00", na ukurasa wa pili una jumla kuu ya 91,750.00. Mfumo ulichukua ile ya kwanza kwa uhakika wa asilimia 98, na kwa kweli uliisoma bila kosa hata la nukta. Ila siyo tunayodaiwa. Tofauti ya 27,550.00 ilikuja kuonekana pale tu muuzaji alipoleta taarifa yake ya hesabu, mwezi ukiwa umeshafungwa. Kwa hiyo tunachopitia sasa kitaamuliwa na madhara ambayo kosa lingeleta kwenye hesabu za mwezi.

A. ZINAZOPITIWA ZOTE, ALAMA IWE KUBWA AU NDOGO

1. Ankara zenye kurasa zaidi ya moja. Anzieni ukurasa wa mwisho. Hakikisheni pia kurasa zote zimo: "Ukurasa 1 kati ya 3" ikiwa na picha mbili tu, waraka unarudishwa kwa aliyeskani na wala haujazwi kwa kukisia.

2. Ankara na hati za kupokelea bidhaa za siku tano za mwisho wa mwezi na siku tano za mwanzo wa mwezi unaofuata. Hapa ndipo pana kazi kubwa kuliko kwingine kote, nami naomba pasipelekwe haraka. Karatasi moja inaweza kubeba tarehe ya ankara, tarehe ya kupeleka mzigo, tarehe ya mwisho ya kulipa na mhuri wa mapokezi, na mfumo huchukua ile iliyokaa mahali ulipozoea kuikuta. Kinachoamua gharama ni ya mwezi gani ni siku tulipopokea bidhaa au huduma. Siku ambayo muuzaji aliketi kuandika ankara haiamui. Kwa hiyo hati ya kupokelea bidhaa iwe wazi pembeni mnapopitia. Halafu angalieni mpangilio wa siku na mwezi: 03/02 inaweza kuwa tarehe 3 Februari au tarehe 2 Machi, kutegemea muuzaji anaandikaje. Tarehe ambayo siku yake imezidi 12 haina utata huo, hivyo tafuteni ankara nyingine ya muuzaji huyohuyo yenye siku ya 13 au zaidi, nayo itawaonyesha anafuata mpangilio upi. Mhasibu wa wadai awe na orodha ya wauzaji wanaotanguliza mwezi. Si wengi, na wakishajulikana hawatatusumbua tena.

3. Krediti noti, zote. Wauzaji wengine huandika alama ya kutoa mbele ya kiasi, wengine nyuma yake, wengine hukiweka ndani ya mabano, na wapo wasioweka alama yoyote kwa kuwa kichwa cha karatasi kimeshasema. Ikisomwa kama ankara, kosa linakuwa mara mbili ya kiasi chenyewe: krediti noti ya 5,000 inaacha deni likiwa limezidi kwa 10,000. Leja ya muuzaji ikikataa kulingana na taarifa yake, gawanyeni tofauti kwa 2 na mtafute kiasi hicho kabla hamjaanza kupekua mstari kwa mstari.

4. Taarifa za benki. Salio la kuanzia, jumlisha yaliyoingia, toa yaliyotoka, lazima lipatikane salio la kufungia. Na salio la kuanzia liwe lilelile la kufungia la mwezi uliopita. Mistari hupotea hasa pale ukurasa unapokatika. Hesabu hiyo ikikubali kwa kila ukurasa, msipitie kiasi cha muamala mmoja mmoja. Maelezo au namba ya kumbukumbu iliyosomwa vibaya itajitokeza kwenye usuluhishi. Ikikataa, angalieni kama tofauti inagawanyika kwa 9. Ikigawanyika, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, kama 6,480 kuwa 4,680, ambapo tofauti ni 1,800.

5. Ankara za fedha za kigeni. Mambo mawili. Kwanza, nukta na mkato: 1.250,00 kwa muuzaji mmoja ni sawa na 1,250.00 kwa mwingine. Pili, aina ya fedha, maana alama ya $ hutumiwa na Marekani, Kanada na Australia, na mfumo ukiiona peke yake huchagua dola ya Marekani. Muamala unaingizwa kwa kiwango cha siku ulipofanyika, na deni ambalo halijalipwa linabadilishwa kwa kiwango cha siku ya mwisho ya mwezi, kama IAS 21 inavyotaka. Kiwango kilichochapwa na muuzaji kwenye ankara yake hakituhusu.

6. Ankara ya muuzaji mpya, au ya muuzaji wa zamani inayoonyesha akaunti ya benki tofauti na tuliyo nayo. Hii haigusi hesabu za mwezi moja kwa moja, lakini malipo hutoka wiki hiyohiyo na wanaotaka kutuibia wanajua kwamba wakati huo tuna haraka. Pigeni simu kwa namba iliyomo kwenye jalada letu. Msipige iliyo kwenye ankara hiyo. Mpaka muuzaji athibitishe, malipo yanasimama, hata akilalamika vipi.

7. Fomu za saa za ziada na karatasi nyingine za mishahara zilizojazwa kwa mkono. 1 na 7 huchanganyika, na nukta hupotea: saa 7.5 ikawa 75. Hizi zipitiwe na mhasibu wa mishahara pamoja na msimamizi aliyetia saini.

8. Mikataba ya upangaji iliyosainiwa au kubadilishwa ndani ya mwezi. Angalieni tarehe ya kuanza, muda, na kifungu cha kuongeza muda. Upangaji wa miezi 12 au pungufu tunauacha kwenye gharama kama IFRS 16 inavyoruhusu. Mrefu kuliko huo nileteeni mimi.

B. ZINAZOPITIWA KWA SAMPULI

Ankara za ukurasa mmoja ambazo oda, hati ya kupokelea bidhaa na ankara yenyewe vimekubaliana, pamoja na stakabadhi za masurufu: moja katika kila kumi, na yoyote inayofika 10,000 au zaidi. Sampuli ichaguliwe na mtu asiyeingiza nyaraka hizo. Likipatikana kosa la kiasi, kodi au tarehe, nyaraka zote za muuzaji huyo kwa mwezi huo zifunguliwe.

C. ZISIZOHITAJI KUPITIWA

Ada za kila mwezi za kiasi kisichobadilika ambazo mkataba wake tumeshaukagua, na hati za kupeleka mzigo zisizo na bei ambazo stoo imezithibitisha. Najua wapo kati yetu ambao roho zao hazitulii mpaka wamefungua kila kitu. Tafadhali, muda huo upelekwe kwenye kipengele cha 2.

NAMNA YA KUPITIA

Someni picha kwanza, ndipo muangalie kisanduku. Ukianza na kisanduku, jicho linakwenda kwenye picha likitafuta kilekile lilichokwisha kukiona, na mara nyingi litakiona. Vinavyoangaliwa kwenye kila ankara ni namba ya ankara, tarehe, kiasi kabla ya kodi, kodi, na jumla. Kiasi kabla ya kodi na kodi vikijumlishwa vilete jumla. Namba ya ankara msiidharau. INV-0187 na INV-O187 kwa mfumo ni ankara mbili tofauti, na hivyo ndivyo waraka mmoja unavyolipwa mara mbili.

Kosa lirekebishwe kwenye kisanduku chenyewe. Lisirekebishwe kwa jarida. Jarida litaiweka leja sawa lakini namba au kiasi kibovu kitabaki kwenye waraka, na mfumo utakitumia mwezi ujao unapotafuta ankara zilizojirudia. Majarida ya namna hiyo nitayarudisha bila kuyasaini.

Aliyeingiza waraka asiupitie yeye mwenyewe. Wahasibu wawili wa wadai wabadilishane: anayeingiza wauzaji wa A hadi K apitie wa L hadi Z, na mwenzake kinyume chake. Picha isiyosomeka isipitishwe kwa alama ya swali. Iskaniwe upya au muuzaji aombwe nakala.

RATIBA YA FEBRUARI

Jumatatu tarehe 3 Machi: taarifa za benki na krediti noti. Jumanne na Jumatano: ankara za vipengele 1, 2, 5 na 6, pamoja na sampuli. Mishahara na upangaji vimalizike Jumatano jioni. Orodha ya mapitio inafungwa Alhamisi tarehe 6 saa sita mchana, na vitabu vinafungwa Ijumaa tarehe 7.

Waraka ambao utakuwa haujapitiwa Alhamisi saa sita utaondolewa kwenye leja ya mwezi, na gharama yake itaingizwa kama malimbikizo kwa makadirio yanayotokana na oda au hati ya kupokelea bidhaa, kisha yageuzwe siku ya kwanza ya mwezi unaofuata. Makadirio hayo niandikieni kwa mstari mmoja mmoja, na sababu ya waraka kuchelewa iwe kando yake. Jumla isiyo na maelezo sitaipokea.

Orodha ya mapitio itafunguliwa Ijumaa hii tarehe 28 jioni, majina yakiwa yameshapangwa. Anayejua hatakuwepo kazini kati ya tarehe 3 na 6 Machi aniambie kabla ya Alhamisi tarehe 27 ili nimtafutie wa kushika nafasi yake.

Meneja wa Fedha