Kadi Itasoma Jina la Nani?

Bosi alipouza pikipiki niliyokuwa nampelekea hesabu kila jioni, nilibaki na leseni, helmeti na karatasi za mikataba miwili ya kupata pikipiki nyingine. Pikipiki ni zilezile, aina moja.

Mkataba wa kwanza ni wa kununua kwa awamu: unaweka kianzio, kisha unalipa kila wiki kwa miezi 18. Wa pili ni wa kukodi kwa miezi 24. Huu hauna kianzio, malipo ya wiki ni madogo, na injini ikifa anayegharamia ni kampuni. Kijiweni karibu wote waliusifia huo wa pili.

Nikamwonyesha kaka mmoja aliyekwisha kumaliza mkataba wake. "Dogo, hela iache kwanza," akasema. "Tafuta panaposema siku ya mwisho kadi ya pikipiki inasoma jina la nani."

Kwenye awamu tulipapata upesi. Kampuni ndiyo mwenye mali mpaka rejesho la mwisho, na kabla ya hapo siwezi kuuza wala kuweka rehani. Nikimaliza, kadi inahamia kwangu. Kwenye kukodi, pikipiki inarudi kwao. Nikiitaka, nainunua "kwa bei itakayokubaliwa wakati huo".

Kaka akagonga mstari huo kwa kidole. "Itakubaliwa na nani? Kuna mikataba ya kukodi inayokupa haki ya kununua mwishoni, bei imeandikwa tangu siku ya kwanza. Ungekuwa huo ningekwambia chukua."

Tukapiga hesabu ya jumla. Awamu ilizidi bei ya taslimu kwa theluthi nzima, na hiyo ni pesa nyingi. Kukodi kulifika robo tatu ya bei hiyohiyo, halafu naondoka kwa miguu. Anayetaka kuendesha msimu mmoja tu, au anayeogopa gharama za injini, kukodi kunamfaa kabisa. Mimi hii ndiyo kazi yangu.

Ila awamu nayo ilikuwa na shimo. Ukikosa malipo ya wiki mbili mfululizo, pikipiki inachukuliwa, na mkataba haukusema lolote kuhusu pesa uliyokwisha kulipa.

"Dada, nikikwama mwezi wa 16 nimebakiza kidogo, inakuwaje?" nilimuuliza yule wa ofisini.

"Tunaichukua, kaka."

"Na nilicholipa?"

Akaenda kwa meneja. Aliporudi alisema nitapewa taarifa ya siku 14 nilipe. Nikishindwa, pikipiki itauzwa, watakata deni na gharama za kuuza, kinachobaki ni changu. Ikiibiwa, bima italipa deni kwanza, nako ziada ni yangu.

"Naomba iandikwe humu," nikasema.

Alisita, kisha akaandika kwenye nakala zote mbili, meneja akasaini na kugonga muhuri. Ndipo nikatoa kianzio.