Marekebisho ya muhtasari wangu kabla haujaenda kwa mwajiri

Dada Neema, habari za jioni.

Ahsante kwa kunitumia muhtasari mapema badala ya kuupeleka moja kwa moja. Nimekupigia simu hukupokea, nadhani uko kwenye usaili, kwa hiyo naandika ili uyakute haya kabla ya kesho saa nne, muda uliosema utautuma kwa mwajiri. Tafadhali usiutume kama ulivyo.

Jambo kubwa liko mstari wa kwanza. Pameandikwa mimi ni "CPA(T) aliyesajiliwa NBAA". Sijafika huko. Nimemaliza ngazi ya kati, na katika ngazi ya mwisho nimebakiza masomo mawili ambayo nitayafanyia mtihani Novemba. Kwenye wasifu wangu niliandika "mtahiniwa wa CPA(T), ngazi ya mwisho", na nahisi neno la kwanza liliachwa wakati wa kufupisha. Najua ni neno moja, lakini kwa mhasibu ndilo linalobeba kila kitu. Cheo hicho ni cha mtu aliyesajiliwa, sheria inalinda matumizi yake, na mwajiri akiuliza NBAA atajibiwa kwamba jina langu halimo. Hapo hataamini tena hata yale ya kweli niliyoyafanya. Wewe pia utaonekana hukuhakiki.

La pili ni hapa: "amefanya ukaguzi wa hesabu kwa miaka 7". Sijawahi kuwa mkaguzi. Miaka yote 7 nimekuwa upande wa kuandaa hesabu: mhasibu msaidizi kuanzia 2017, kisha mhasibu kamili kuanzia 2020 hadi nilipoondoka mwaka 2024. Wakaguzi wa nje walipokuja kila mwaka, mimi ndiye niliyewaandalia majedwali, nikawatafutia vielelezo na kujibu hoja zao. Ni kazi nzito na ninajivunia, ila ni kazi nyingine. Vilevile sikuongoza idara ya watu 6. Idara ilikuwa na watu 6 pamoja na mimi, chini ya meneja wa fedha. Waliokuwa chini yangu ni wahasibu wasaidizi wawili. Na programu niliyotumia ni Tally, siyo SAP.

Kinachonisikitisha zaidi ni kilichoachwa, maana ndicho mwajiri huyu anachokihitaji. Tangazo lao linasema wanasafirisha mizigo ya transiti, na huko ndiko nilikotoka. Malori yetu yalichukua mizigo bandarini Dar es Salaam, yakapita Tunduma kwenda Ndola na Lubumbashi. Usafirishaji wa namna hiyo hutozwa VAT kwa asilimia sifuri, wakati matairi, vipuri na matengenezo tunayonunua hapa nchini vinakuja na VAT ya asilimia 18. Kampuni inajikuta kila mwezi inaidai TRA. Pesa hiyo hairudi bila mtu wa kukaa na nyaraka za forodha, risiti za EFD na ankara mpaka kila safari iwe na ushahidi wake. Mtu huyo nilikuwa mimi. Ritani za VAT kabla ya tarehe 20, PAYE na SDL kabla ya tarehe 7, zote zilipita mikononi mwangu.

Ili kukurahisishia, naomba aya yote ibadilishwe iwe hivi:

"Mhasibu mwenye uzoefu wa miaka 7 katika kampuni ya usafirishaji wa mizigo ya transiti, Dar es Salaam. Mtahiniwa wa CPA(T), ngazi ya mwisho, amebakiza masomo mawili. Ameandaa hesabu za mwezi na za mwaka, usuluhishi wa benki, ritani za VAT, PAYE na SDL, na madai ya marejesho ya VAT. Amesimamia wahasibu wasaidizi wawili na kuwaandalia wakaguzi wa nje taarifa zao. Anatumia Tally na Excel."

Nimeambatisha matokeo yangu ya NBAA na barua ya utumishi inayoonyesha vyeo na tarehe, ulinganishe mwenyewe.

Tangazo linasema CPA(T) ni sifa ya ziada, halisemi ni lazima, kwa hiyo naamini bado nina nafasi. Ikiwa mwajiri amekwambia pembeni kwamba bila CPA(T) hamtaki mtu, basi liondoe jina langu sasa, nami sitakulaumu. Siko tayari kuingia kwenye usaili nikiwa nimebebeshwa cheo nisicho nacho.

Na kama muhtasari umeshatoka, naomba uwaandikie leo hii kwamba ule wa kwanza ulikuwa na makosa, uambatishe huu, na uniweke kwenye nakala. Vinginevyo nijulishe tu utakapoubadilisha, hata kwa ujumbe mfupi. Nitakuwa na simu karibu usiku huu na kesho tangu saa moja asubuhi.

Wako,
Baraka

Viambatisho: matokeo ya NBAA, barua ya utumishi