Zimebaki siku tano: hotuba ya Soko la Mabibo, Jumatano 19 Machi 2025

Hodi sokoni! Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wazee wangu wa magunia. Vijana wa maguta, mambo vipi? Kaka yangu wa dawa ya panya, nakuomba uizime spika yako kwa dakika kumi tu. Nikimaliza nakununulia pakiti mbili, panya wa nyumbani kwangu wanakusubiri.

Mnanijua. Mimi ni yule wa ndizi bukoba na mzuzu, safu ya nyuma. Leo sijavaa fulana ya chama wala kofia ya mtu, na hii kanga nimenunua kwa hela yangu. Sikuja kuwaambia mumchague nani. Nimekuja na tarehe. Jumapili hii, tarehe 23, saa 12 jioni, zoezi la uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linafungwa mkoa wetu wa Dar es Salaam. Lilianza juzi Jumatatu tarehe 17. Vituo vinafunguliwa saa 2 asubuhi, vinafungwa saa 12 jioni. Ukihesabu na leo, tumebakiwa na siku tano. Kuna mtu atakwambia, ‘Aa, wataongeza muda.’ Huyo ndiye anayekwambia kila siku mzigo utashuka bei kesho.

Sasa sikilizeni, maana jana nimepita safu yangu ya ndizi, kizimba kwa kizimba. Vizimba 23. Nikauliza: kadi ya mpiga kura unayo? Karibu wote wakasema ipo. Nikauliza tena: ya wapi? Hapo ndipo kimya kikaingia. Mmoja ya Lushoto. Mmoja ya Muleba. Mwingine ya Ifakara, na ameondoka Ifakara mtoto wake wa kwanza hajazaliwa. Sasa mtoto anaingia darasa la pili. Wenye kadi ya mtaa wanaolala hapa mjini walikuwa tisa.

Siwacheki, kwa sababu mwaka 2020 nilikuwa hivyo hivyo. Kadi yangu ilikuwa ya Korogwe. Siku ya kura, tarehe 28 Oktoba, nikaamka nikavaa vizuri, nikaibeba kadi, nikaenda na jirani zangu. Jina halipo. Kosa langu mwenyewe, sikuhamisha taarifa. Unapiga kura pale ulipoandikishwa, na nauli ya Korogwe ya kwenda na kurudi sikuwa nayo. Nikarudi hapa, nikakaa juu ya ndoo yangu, wenzangu wanapita na kidole chenye wino. Mteja akaniuliza, ‘Mama, umeshapiga?’ Nikamuuzia chana ya ndizi, sikumjibu.

Basi wewe mwenye kadi ya mkoani: chukua kadi yako, nenda kituo cha mtaa unaoishi, waambie unahamisha taarifa. Usijifanye mgeni ukaanza upya. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2024 inasema faini kuanzia laki moja mpaka laki tatu, au kifungo cha miezi sita mpaka miaka miwili, au vyote pamoja. Na vidole vyako havidanganyi, mashine inavikumbuka. Kusema kweli pale dirishani ni bure.

Nimesema mtaa unaoishi. Siyo unapouzia! Wewe unayeuza Mabibo na kulala Gongo la Mboto, kituo chako kiko Gongo la Mboto. Hujui kilipo, pita ofisi ya serikali ya mtaa wako au muulize mjumbe. Tarehe ni zile zile, mkoa mzima.

Haya, yupo mtu ananiangalia kwa kiburi, anasema moyoni, ‘Mimi nilijiandikisha Oktoba.’ Nyoosha mkono, usiogope. Eeh, naona ni wengi. Wapendwa, ile ya tarehe 11 hadi 20 Oktoba mwaka jana ilikuwa orodha ya uchaguzi wa Serikali za Mitaa, ule wa tarehe 27 Novemba. Uliandikwa jina kwenye kitabu, ukaondoka mikono mitupu. Ulipewa kadi? Hukupewa. Hili la sasa ni daftari jingine, la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na ndilo la Uchaguzi Mkuu wa Oktoba mwaka huu, wa Rais, Mbunge na Diwani. Lile la mtaa halikuingizi huku. Nimeona watu wengi wanapotelea hapa kuliko mahali pengine popote.

Ambaye kadi yake ni ya mtaa huu huu, haijafutika, haijachanika, na majina yako sawa: kaa uuze. Kadi ya zamani bado ni halali, hata ile ya 2015 ya mashine za kwanza za vidole. Usiende kujaza foleni kwa hamu ya picha mpya.

Iliyoharibika, ibebe hivyo hivyo. Iliyopotea, nenda useme imepotea. Kama ulishaipiga picha kwenye simu, waonyeshe ile namba, kazi inakuwa nyepesi.

Wapya je? Raia wa Tanzania, umri miaka 18. Na hapa mama zangu nisikilizeni: hata ambaye hajafika 18 leo lakini atafika kabla ya siku ya kura au siku yenyewe, anaandikishwa sasa. Binti yako wa Julai 2007, yule anayekusaidia kufunga mafungu ya nyanya, mpeleke. Akikosa wiki hii, siku ya kura atakuwa mtu mzima asiye na kadi.

Abebe nini? Kama ana kitambulisho cha NIDA, abebe. Ana namba tu, abebe namba. Hana, abebe cheti cha kuzaliwa, au pasi, au leseni ya udereva. Sababu ni kwamba afisa mwandikishaji ana haki ya kukuuliza uthibitisho wa umri wako, uraia wako au makazi yako, na karatasi inajibu haraka kuliko mdomo. Halafu jina linanakiliwa sawasawa. Kuna Mwanaidi ameandikwa Mwanahidi, na kila ofisi anayoingia anaanza kujieleza. Lakini usikae nyumbani eti kwa sababu kadi ya NIDA haijatoka. Hiyo ni kadi nyingine na hii ni kadi nyingine. Nenda, jieleze.

Wanaopenda simu, Tume ina mfumo wa mtandaoni, unaanzisha huko kubadilisha taarifa zako, lakini lazima umalizie kituoni. Simu haichukui vidole.

Na vidole vyenyewe, wenzangu wa ndizi! Tazameni mkono wangu. Huu weusi ni utomvu, umekaa tangu alfajiri nilipokuwa napunguza mikungu. Kidole kikiwa hivi, mashine itahangaika kukisoma. Kabla hujaenda, paka mafuta ya kula, sugua kwa jivu au mchanga laini, nawa kwa sabuni. Wa dagaa na ninyi naweni, kwa sababu nyingine tu. Ukifika pale unajaziwa fomu, unapigwa picha, unaweka vidole na sahihi, unapewa kadi yako hapo hapo. Hulipi hata shilingi. Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa na wenye ulemavu wanapita mbele, msione haya kusogea. Na kadi ikishakuwa mkononi mwako ni yako, asije mtu akakwambia mpe akutunzie.

Najua swali lililobaki. Yule kijana wa viazi ameshalisema tangu naanza: ‘Kura yangu moja itafanya nini?’

Mdogo wangu, Januari 1961, kule Zanzibar, ulifanyika uchaguzi wa viti 22. Chama cha Afro-Shirazi, ASP, kilipata viti 10, chama cha ZNP viti 9, chama cha ZPPP viti 3. Kati ya hivyo 10 vya ASP, kiti cha Chake Chake, Pemba, walikipata kwa kuzidi kura moja. Moja! Kisha wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda ZNP, mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11. Hakuna wa kuunda serikali, ikabidi nchi nzima irudi kwenye sanduku Juni mwaka ule ule, na kiti cha 23 kikaongezwa wasije wakafungana tena. Mimi huwa namfikiria mtu mmoja wa Chake Chake aliyesema siku ile, ‘Leo nina karafuu za kuanika, nyie nendeni.’

Utasema hiyo ya kale. Haya, twende kwa Diwani. Watu wanagombania habari za Rais hapa mpaka wanapeana mgongo, lakini ushuru wa soko unatoka wapi? Sheria ndogo za halmashauri, na wanaozipitisha ni madiwani. Choo kile pale, taka zile pale, huu uwanja ambao masika yakikolea tunavua viatu, yote yanapita mezani kwao. Na kwetu hakuna duru ya pili: anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye anakwenda. Kata ni ndogo, ndugu yangu. Wale 14 wa safu yangu wasio na kadi ya mtaa wanaolala wanatosha kumfanya mtu alale diwani au aamke hana kitu.

Kuna wengine wamechoka. Wanasema hawana imani, na sitagombana nao sokoni, kila mtu na aliyoyaona. Nasema hivi tu: kujiandikisha siyo ahadi ya kupiga kura. Oktoba ukiamua kukaa nyumbani, utakaa kwa kutaka. Usipojiandikisha, Oktoba ukabadili mawazo, utakaa kama nilivyokaa mimi juu ya ile ndoo.

Najua biashara haisubiri, na wenzetu waliofunga wako kumi la pili, jua hili na foleni ni mtihani. Kwa hiyo wanaofunga waende asubuhi, saa 2, kabla koo halijakauka. Wengine tupokezane: wawili wa kila safu wanakwenda, wanaobaki wanawauzia, hesabu inaandikwa. Wakirudi, wawili wengine. Nimeshaongea na vijana wa maguta, mzigo wa walioondoka hautaguswa.

Mama wa vitunguu, wewe unalala hapa hapa Mabibo na kadi yako ya Ifakara iko kwenye pochi, umenionyesha jana. Inuka. Kizimba chako nitakaa mimi, sado unauza bei gani? Haya. Mzee wa nazi, na wewe nenda naye, usiache miwani. Safu ya pili, nani anatoka?

Kaka wa panya, washa spika yako. Lakini kadi yako ni ya wapi?