Mapatano ya bei ya cherehani ya Singer, Tabata Kimanga

Mnunuzi: Shikamoo, mama. Nimeliona tangazo lako la cherehani ya Singer ya miguu kwa shilingi 320,000. Naomba kujua kama bado ipo, na kama wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukiishonea.

Muuzaji: Marahaba, mwanangu. Bado ipo. Nimeishonea sare za shule na madera kwa miaka mingi, na ninaiuza kwa sababu magoti hayaniruhusu tena kukanyaga kutwa nzima.

Mnunuzi: Pole sana na magoti, mama. Cherehani ninamtafutia mdogo wangu, ambaye amemaliza ushonaji VETA na kwa sasa anashona kwenye kibanda cha fundi mwingine Mbagala Rangi Tatu, kwa makubaliano ya kugawana mapato. Katika picha naona maandishi ya dhahabu hayajafutika na chuma hakina kutu, kwa hiyo ni wazi kwamba umeitunza. Kabla hatujazungumzia bei, naomba kuuliza mambo mawili: mshono unakaza juu na chini bila kuruka, na ule mkanda wa picha ya tatu umeungwa, au ni mwanga tu wa picha?

Muuzaji: Mshono hauruki, hata kwenye kitambaa kizito. Mkanda ulikatika, nikauunga. Ubao nao umevimba kidogo upande wa kulia kwa maji ya mvua. Sikutaka kuficha, ndiyo maana nikapiga picha kwa karibu.

Mnunuzi: Nakushukuru kwa kunieleza ukweli ambao wengine wangeuficha. Uniwie radhi kwa nitakachoomba, maana sisemi hata kidogo kwamba cherehani haina thamani uliyoitaja. Fedha tuliyochanga mimi na mdogo wangu ni 290,000, na humo humo tunapaswa kutoa gharama za kirikuu, mkanda mpya na fundi wa ubao. Je, ungeweza kutupokelea 240,000?

Muuzaji: Hiyo iko chini mno, mwanangu. Jana kuna mtu aliniandikia 150,000, akaongeza kwamba ni chuma chakavu, nami sikumjibu tena. Wewe umeuliza kwa adabu. Nipe 300,000.

Mnunuzi: Pole kwa maneno hayo, mama. Kazi iliyokulishia familia haistahili kuitwa chuma chakavu, na singependa uiachie kwa bei itakayokuumiza. Naomba nikuwekee hesabu yangu wazi, ili usidhani ninakata tu. Kirikuu kutoka kwako hadi Mbagala nimeulizia, ni 25,000. Mkanda ni 5,000. Ubao fundi amekadiria 20,000. Ndiyo maana nilianzia 240,000. Hata hivyo, ubao uliovimba hauzuii kushona, kwa hiyo tunaweza kuuacha kwa sasa, nami nikafika 260,000. Tukikubaliana, sitaomba kupunguziwa tena nikishafika nyumbani kwako, isipokuwa tukikuta hitilafu ambayo hatujaizungumza hapa.

Muuzaji: Nimekuelewa. Basi 280,000, na nitakuongezea kopo la bobini, sindano, na mguu wa kushonea zipu. Tuma 50,000 leo ili nisimpe mtu mwingine.

Mnunuzi: Ahsante kwa vifaa hivyo, maana tungelazimika kuvinunua. Mdogo wangu atalipwa Ijumaa na amekubali kuongeza 10,000, kwa hiyo tunafika 270,000, na kwa kweli hapo ndipo uwezo wetu unapoishia. Kuhusu kutanguliza fedha, tafadhali usione kwamba ninakushuku. Fedha ni ya watu wawili, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hatutalipa kabla ya kuiona cherehani ikishona. Nitakuja Jumamosi saa 3 asubuhi na kipande cha jinzi na kipande cha kitenge. Ikishona vyote viwili vizuri, nitakutumia fedha yote kwa simu papo hapo, kabla haijapakiwa. Akitokea wa kutoa zaidi kabla ya siku hiyo, muuzie bila kunionea haya, ila naomba unijulishe mapema nisije nikakodi gari bure.

Muuzaji: Haya, iwe 270,000. Nitakuwekea mpaka Jumamosi saa 6 mchana. Mlete na huyo mdogo wako, nimwonyeshe matundu ya kutilia mafuta, maana kuna moja nyuma ambalo mafundi wengi hulisahau, na cherehani ikaanza kuwa nzito.

Mnunuzi: Tutakuja wote wawili, mama, naye atafurahi kufundishwa na mtu aliyeishonea. Naomba nithibitishe ili tusipishane: cherehani pamoja na meza yake, kopo la bobini, sindano na mguu wa zipu, kwa 270,000, na usafiri juu yangu. Tushukie kituo gani?

Muuzaji: Ndivyo hivyo. Shukeni Kimanga mwisho, kisha mnipigie, nitamtuma mjukuu wangu awapokee. Kirikuu kiiteni mkishaijaribu.